Nusu Milioni ni ya Benki, Si ya Akaunti

Wasee, ukiingia benki yoyote Busia au Malaba, kabla hujafika kwa kaunta angalia ukutani. Utaona cheti kinachosema benki hiyo ni mwanachama wa KDIC, yaani Shirika la Bima ya Amana la Kenya. Wengi wetu tunakipita tu vile tunapita picha ya rais. Wiki mbili sasa nimekuwa nikiuliza watu hapa mtaani, vijana wa boda, dada wa duka la nguo, mwenye kibanda cha M-Pesa, hicho cheti kinamaanisha nini. Wengine hawajawahi kukiona. Wengine wanasema benki ikianguka serikali inalipa kila kitu. Na kuna wale wanaojua kwamba ni nusu milioni, lakini wanadhani ni nusu milioni kwa kila akaunti.

Hawa wa mwisho ndio wananitia wasiwasi, kwa sababu wanapanga pesa zao wakitegemea kitu ambacho hakipo.

Iko hivi. Kutoka Julai 2020, benki ya Kenya ikifungwa na kufilisiwa, KDIC inakulipa hadi shilingi 500,000. Kabla ya hapo ilikuwa 100,000 tu. Kiwango hicho ni cha mtu mmoja katika benki moja. Ukiwa na akaunti ya akiba, ya hundi na ya fiksidi kwenye benki hiyo hiyo, zote zinajumlishwa, pamoja na riba iliyokwisha kuingia, halafu unalipwa hadi 500,000. Moja ikiwa tawi la Busia na nyingine tawi la Malaba, bado ni benki moja. Hulipi chochote kwa hii bima na hujazi fomu kujiunga. Benki yenyewe ndiyo inayolipa KDIC kila mwaka.

Na ile inayozidi 500,000? Haipotei siku hiyo, lakini inaingia kwenye foleni. KDIC ndiye mfilisi, kwa hivyo inaanza kuuza mali ya benki, majengo na magari, na kufuata watu wenye mikopo. Inachokusanya inagawa kidogo kidogo kwa wanaodai. Unaweza kupata yote, unaweza kupata robo, unaweza kungoja miaka. Hakuna mtu anaweza kukupa tarehe.

Mtu ataniambia, "Buda, benki za Kenya ni strong, unatutisha bure." Sawa. Turudi 2015.

Agosti mwaka huo Dubai Bank ilifungwa. Hiyo ilikuwa ndogo, wengi hata hawaikumbuki. Imperial Bank ndiyo ilishtua watu. Wiki chache tu kabla ianguke, Imperial ilikuwa imeuza hati za deni za shilingi bilioni 2 kwa wawekezaji, na mahesabu yake yaliyochapishwa yalionyesha benki inayopata faida. Septemba mkurugenzi wake mkuu akafariki ghafla. Waliobaki walipoanza kuchungulia vitabu, wakakuta kuna mikopo mikubwa iliyokuwa imefichwa kwa miaka. Tarehe 13 Oktoba 2015 Benki Kuu ikaiweka chini ya mrasimu, na milango ikafungwa.

Fikiria wewe ni mteja. Hukukopa, hukuiba, ulipeleka tu pesa ya biashara Ijumaa. Kiwango cha bima wakati huo kilikuwa 100,000. Bahati ni kwamba Desemba kulifanywa mpango maalum, na kila mteja akaruhusiwa kuchukua hadi milioni 1 kupitia KCB na DTB. Waliokuwa na akiba ndogo wakapona. Waliokuwa na milioni 5 au 20, wenye viwanda, shule, hospitali, walianza safari ndefu ya kungoja awamu moja baada ya nyingine. Benki ilikuja kuamriwa ifilisiwe Desemba 2021. Hiyo ni miaka sita. Mtoto aliyezaliwa siku milango ilipofungwa alikuwa tayari ameanza shule.

Ninachotaka uone hapo ni kwamba kusoma mahesabu hakungekuokoa. Mimi husoma yale matokeo ya robo mwaka ambayo kila benki lazima ichapishe, na ninaangalia kama mtaji wake uko juu ya kiwango cha Benki Kuu na kama mikopo isiyolipwa inapanda kila robo. Inasaidia kuepuka benki ambayo tayari inayumba waziwazi. Lakini vitabu vikipikwa, wewe na mimi tulio nje hatuna namna ya kujua. Ndiyo maana naona kugawa pesa ni kinga bora kuliko kujifanya mkaguzi.

Sasa najua kuna mtu anasoma hapa akicheka. Ana thao kumi na mbili kwa akaunti, nusu milioni ni ndoto ya mwaka ujao. Anadhani hii stori ni ya matajiri. Hapana, na sababu ni muda.

Bima inalipa benki ikishafilisiwa. Lakini kabla ya kufika hapo, benki huwekwa chini ya mrasimu, na kipindi hicho pesa inaweza kufungwa kabisa. Chase Bank ilifungwa tarehe 7 Aprili 2016. Ilifunguliwa tena tarehe 27, chini ya usimamizi wa KCB, na wateja wakaruhusiwa kutoa hadi milioni 1. Kwa historia ya benki zilizoanguka, hiyo ilikuwa haraka sana. Lakini hesabu siku: ni 20. Kadi haifanyi kazi, hundi zinarudi, programu ya simu imekufa. Kama wewe ni klaring ejenti pale Malaba na mteja wako ana lori tatu kwenye foleni zinangoja ushuru ulipwe, siku 20 bila pesa zinaweza kukumaliza hata kama kila senti yako italindwa. Kama ni karo ya kampasi, muhula umeanza bila wewe. Kama ni kodi ya nyumba, landilodi hajui mrasimu ni nani.

Kwa hivyo aliye na zaidi ya 500,000 anagawa ili kiasi chote kiwe chini ya bima. Aliye na kidogo anagawa ili siku benki moja ikifungwa awe bado anaweza kula na kulipa fea kwa wiki tatu au nne. Hiyo ya pili haihitaji utajiri. Inahitaji akaunti ya pili katika benki tofauti, ikiwa na pesa ya mwezi mmoja.

Na hapa kwenye "benki tofauti" ndipo watu wengi hukosea hesabu, kwa sababu sura za benki zinadanganya.

Chukua M-Shwari. Iko kwa menyu ya M-Pesa, kwa hivyo kichwani mwako ni ya Safaricom. Lakini akiba ya M-Shwari ni amana katika benki ya NCBA. Ukiwa na akaunti NCBA na pia unaweka M-Shwari, hujagawa chochote, zote ni za benki moja. Ile ya KCB M-Pesa ni hivyo hivyo, ni KCB. Tofauti na hizo, salio la kawaida la M-Pesa linashikiliwa kwa amana maalum katika benki kadhaa na si mali ya Safaricom, ila kumbuka mfuko wenyewe haupiti 500,000.

Halafu kuna benki kuungana. Kabla ya Oktoba 2019 mtu angeweza kuwa na akaunti NIC na nyingine CBA, akalala usingizi akijua amegawa. Zikaungana zikawa NCBA. Hakufanya chochote, hakutia saini mahali, lakini asubuhi akaamka na benki moja. Kwa hivyo ukisikia habari ya benki yako kununuliwa, usiachie tu wachumi wa runinga. Uliza swali moja: je, zitabaki na leseni mbili au zitakuwa moja? KCB ilipoinunua National Bank mwaka huo huo, National iliendelea na leseni yake, ikabaki benki kando hadi ilipouzwa kwa Access.

Na sisi watu wa mpakani tuna letu. Hapa kwetu Kocholia, kuvuka kwenda Uganda ni kama kuvuka barabara. Wafanyabiashara wana akaunti pande zote mbili, na mara nyingi ni za benki yenye nembo ile ile, rangi ile ile. Equity ya Kenya na Equity ya Uganda ni ndugu, lakini kisheria ni benki mbili. Ya Kenya iko chini ya KDIC. Ya Uganda iko chini ya Mfuko wa Kulinda Amana wa Uganda, ambao kiwango chake ni shilingi milioni 10 za Uganda kwa mtu kwa benki. Tukichukulia shilingi 28 za Uganda kwa moja yetu, hiyo ni kama 357,000 za Kenya. Kumbe upande ule kinga ni ndogo, na ikihesabiwa kwa pesa yetu inapanda na kushuka kulingana na bei ya wale jamaa wa kubadilisha pesa pale barabarani. Uganda nao wameonja haya mambo. Crane Bank ilichukuliwa na Benki Kuu yao Oktoba 2016, ikauzwa kwa DFCU Januari iliyofuata. Akaunti za wateja zilihamia DFCU pamoja na pesa zao. Uuzaji kama huo ndio mwisho mzuri, lakini mteja haamui kama mnunuzi atapatikana.

Senje wangu ndiye alinifanya niandike hii. Yeye hununua mahindi na maharagwe Mbale, anauza huku. Aliniita jioni moja akasema, "Mwanangu, wewe unajifanya profesa wa pesa huko mtandaoni. Niangalilie hizi zangu." Akanitolea simu na kikaratasi. Upande wa Kenya: fiksidi 700,000, akaunti ya hundi 350,000, na akiba ya simu 50,000. Jumla milioni 1.1. Upande wa Uganda alikuwa na milioni 14 za Uganda za kununulia mzigo. Alikuwa na amani kabisa. "Nimeweka mahali tatu, senje wako si mjinga."

Nikamuuliza ile akiba ya simu inaendeshwa na benki gani. Tukaangalia masharti. Benki ile ile. Mahali patatu pakawa pamoja. Kama ingefungwa na kufilisiwa wiki hiyo, KDIC ingemlipa 500,000, na 600,000 zingeingia kwenye foleni ya mfilisi. Uganda angelipwa milioni 10, na 4 zingengoja. Na mtaji wake wote wa msimu ungekuwa umesimama, kwa sababu upande wa Kenya hakuwa na hata shilingi katika benki nyingine.

Aliponyamaza nilijua ameelewa. Halafu akasema kitu cha maana kuliko vyote nilivyosema mimi: "Lakini senje, nikivunja fiksidi leo si napoteza riba?" Kweli kabisa. Fiksidi ilikuwa imebakiza wiki saba kuiva. Ukiivunja mapema benki inakata riba yote au sehemu. Benki yenyewe haikuwa na dalili yoyote mbaya, kwa hivyo tukaamua asivunje. Alichofanya siku hiyo ni kufungua akaunti benki ya pili na kuhamisha 250,000 kutoka ile ya hundi. Hapo tatizo la muda likaisha papo hapo. Wiki saba baadaye fiksidi ilipoiva, akaigawa. Sasa upande wa Kenya ana 450,000 benki ya kwanza, ile ya simu ikiwa ndani ya hesabu, 400,000 ya pili na 250,000 ya tatu, ukiacha riba iliyoingia. Uganda alihamisha milioni 5 kwa benki nyingine kule kule, akabaki na 9 pale pa kwanza.

Mbona 450,000 na si 500,000 kamili? Kwa sababu ya riba. Ukiweka 500,000 kwa fiksidi, riba yote inayoingia iko nje ya bima kutoka siku ya kwanza. Acha nafasi.

Kugawa kuna gharama, na sitaki kuwadanganya. Kila akaunti inaweza kuwa na ada ya mwezi na salio la chini, na kuhamisha pesa kati ya benki si bure. Fiksidi kubwa pia hukupa nguvu ya kubishana na meneja kuhusu riba, na ukiigawa nguvu hiyo inapungua. Kwa mtu mwenye 60,000, benki tatu ni kujitesa. Mbili zinatosha, na ya pili iwe isiyokata ada ya mwezi. Mimi nina mbili.

Ila kuna mtego mwingine: akaunti unayoisahau. Sheria ya Kenya inasema akaunti ya benki isiyoguswa miaka mitano inahesabiwa kuwa mali isiyodaiwa, na pesa inapelekwa UFAA. Unaweza kuidai, lakini ni fomu na kungoja. Kwa hivyo ile ya akiba ya dharura iguse angalau mara moja kwa mwaka, hata kwa kutuma mia mbili. Na pakua taarifa ya akaunti kila baada ya miezi michache uihifadhi nje ya programu ya benki. Siku ya kudai KDIC utahitaji kitambulisho na ushahidi wa salio lako, na majina kwenye akaunti yakiwa tofauti na ya kitambulisho utaanza kuzungushwa.

Kwenye inboksi mmeuliza sana kuhusu sacco na Ziidi. KDIC inalinda benki za biashara na benki za mikopo midogo zilizo na leseni ya Benki Kuu. Sacco hazimo. Sheria ya sacco ya 2008 inataja mfuko wa kulinda amana za wanachama, lakini usiuchanganye na hizi 500,000 za KDIC. Na mifuko ya soko la fedha kama Ziidi si amana hata kidogo. Pale umenunua vipande vya uwekezaji vinavyosimamiwa chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Si kusema ni vibaya, mimi mwenyewe naweka huko kidogo. Lakini mtu akisema amegawa pesa zake kati ya benki, sacco na Ziidi, ni benki peke yake ambayo ina cheti kile ukutani.

Senje naye alinipigia jana. Ana mkopo wa pikipiki kwenye benki ya kwanza, na amesikia sokoni kwamba benki ikianguka mkopo nao unafutwa. Nikamwambia hapana, mfilisi ndiye anayechukua daftari, na wewe unaendelea kulipa, safari hii unalipa KDIC. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Basi hiyo benki na isimame."